Maziwa yamfaayo huyu na kumsumbua yule: Historia ya ufugaji iliyoandikwa katika vinasaba

KATIKA nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, watu wawili wanaweza kuketi mkeka mmoja, wakanywa maziwa fresh ya ng'ombe mmoja, kila mtu bilauri mbili. Saa mbili baadaye mmoja anaendelea na shughuli zake kama kawaida, ilhali mwenzake tumbo limejaa gesi, linanguruma, na pengine anaharisha.

Mara nyingi mlaumiwa wa kwanza huwa ni maziwa yenyewe: yamechacha, hayakuchemshwa vizuri, au chombo kilikuwa kichafu. Hayo yote huweza kutokea. Lakini maziwa yakiwa safi na yakiwa yamechemshwa, tofauti kati ya watu hao wawili huwa haimo katika chombo. Imo katika utumbo wao mwembamba, na chanzo chake ni badiliko dogo la vinasaba lililoanza kuenea Afrika Mashariki maelfu machache tu ya miaka iliyopita, wakati mifugo ilipoingia katika maisha ya watu.

Wanasayansi huitumia habari hiyo kama mojawapo ya mifano iliyo wazi zaidi ya jinsi mwili wa binadamu ulivyoendelea kubadilika hata katika nyakati za karibuni, na mfano huo ulipatikana kwa kiasi kikubwa hapa hapa Tanzania.

Sukari ya maziwa na mkasi wake

Maziwa yana sukari yake ya pekee iitwayo laktosi. Katika maziwa ya ng'ombe, kila mililita 100 huwa na takriban gramu tano za sukari hiyo, hivyo bilauri ya robo lita huwa na gramu 12 hivi. Maziwa ya mama yana laktosi nyingi zaidi, takriban gramu saba katika kila mililita 100.

Laktosi haiwezi kupenya ukuta wa utumbo ikiwa nzima, kwa kuwa ni sukari mbili zilizounganishwa, yaani glukosi na galaktosi. Ili mwili uitumie ni lazima kwanza ikatwe katikati. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho laktesi, kinachokaa juu ya ukuta wa utumbo mwembamba mithili ya mkasi.

Kila mtoto mchanga mwenye afya huzaliwa na mkasi huo, awe wa kabila la wafugaji, la wakulima au la wavuvi, vinginevyo asingeweza kuishi kwa maziwa ya mama yake. Baada ya kuachishwa ziwa, mwili wa mamalia hupunguza utengenezaji wa laktesi, kwani katika maumbile ya kawaida mnyama mkubwa hanyonyi tena. Ndivyo ilivyo kwa ndama na mwana-mbuzi, na ndivyo ilivyo kwa watu wazima walio wengi duniani.

Laktesi inapopungua, laktosi hupita nzima mpaka utumbo mpana. Huko huvuta maji, na bakteria waishio humo huichachua na kutoa gesi. Maji hayo ndiyo huleta kuharisha, na gesi hiyo ndiyo huleta kujaa na kunguruma kwa tumbo. Huo si ugonjwa, na wala si mzio wa maziwa, ambao husababishwa na protini na huweza kuleta vipele au kubanwa pumzi. Ni hali ya asili ya mwanadamu mzima.

Wenye jambo jipya, kwa hiyo, ni wale ambao mkasi wao haupungui. Swali la wanasayansi limekuwa ni kwa nini watu hao wapo, na kwa nini ni wengi zaidi miongoni mwa jamii za wafugaji.

Dalili za kwanza katika nchi za maziwa makuu

Dalili za mapema zilipatikana kwa majirani wa Buha. Mwaka 1966, watafiti G.C. Cook na S.K. Kajubi waliandika katika jarida la tiba la Lancet kuhusu vipimo walivyofanya nchini Uganda. Waligundua kwamba Waganda na jamii nyingine za wakulima walikuwa na laktesi kidogo sana utu uzimani, ilhali Wahima na Watutsi, ambao ni wafugaji, wengi wao walikuwa nayo.

Mwaka 1974 ulitolewa utafiti mwingine kutoka eneo la Ziwa Kivu, ukihusisha Rwanda na nchi ya Bushi iliyoko mashariki mwa Kongo. Huko pia Watutsi wengi waliweza kumeng'enya laktosi, Wahutu walikuwa katikati, na miongoni mwa Washi walioweza walikuwa wachache sana.

Matokeo hayo yanapaswa kusomwa kwa uangalifu. Katika eneo ambalo tofauti za kabila zimetumiwa kuwagawa watu na hatimaye kumwaga damu, ni rahisi mtu kudhani kwamba tumbo ni cheti cha kabila. Vipimo hivyo havikuonyesha hivyo. Vilionyesha viwango, si mipaka: katika jamii moja walikuwamo wenye laktesi na wasio nayo, na Wahutu wengi walimeng'enya maziwa sawa na jirani zao.

Historia ya Buha inasaidia kueleza kwa nini mipaka haikuwa kamili. Katika tawala za kale kama Heru, iliyokuwa katika eneo la Kasulu ya leo, na Muhambwe katika eneo la Kibondo, kulikuwa na utaratibu wa ubugabire. Mwenye ng'ombe alimkabidhi mtu mwingine ng'ombe, na aliyepewa akamtunza, akanywa maziwa yake, na kumlipa mwenye mali kwa kazi na utii. Kwa njia hiyo maziwa yaliingia katika nyumba za wakulima, na watu wa pande hizo mbili waliishi pamoja kwa vizazi vingi, wakisema Kiha kimoja.

Jiografia nayo ilikuwa na sauti yake. Mabondeni, kuelekea mto Malagarasi, misitu ya miombo ilikuwa makazi ya mbung'o, ambao hueneza ugonjwa wa nagana unaoua ng'ombe. Ng'ombe wa pembe ndefu walistawi zaidi juu, kwenye mbuga za majani zenye baridi. Desturi ya kunywa maziwa ilifuata mahali ambapo ng'ombe waliweza kuishi.

Bilauri ya gramu 50

Ufafanuzi wa kinasaba ulichelewa. Mwaka 2002 watafiti nchini Finland walitambua badiliko la herufi moja katika vinasaba linaloambatana na laktesi ya utu uzimani kwa Wazungu. Lakini badiliko hilo lilipotafutwa kwa wafugaji wengi wa Afrika lilikosekana, ingawa wafugaji hao walikuwa wakinywa maziwa bila taabu.

Ndipo kundi lililoongozwa na Profesa Sarah Tishkoff, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, likishirikiana na wanasayansi wa Afrika akiwamo Thomas Nyambo wa Muhimbili, lilipowapima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature Genetics mwaka 2007.

Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza. Mtu hufunga kula usiku kucha, na asubuhi huchukuliwa tone la damu kidoleni ili kupima glukosi. Kisha hunywa maji yaliyotiwa gramu 50 za laktosi, kiasi kilichomo katika takriban lita moja ya maziwa. Baada ya hapo glukosi hupimwa tena kila baada ya dakika 20 kwa muda wa saa moja.

Mantiki yake ni kwamba laktosi ikikatwa, glukosi yake huingia katika damu na kipimo hupanda. Isipokatwa, kipimo hubaki karibu pale pale. Tuseme mtu wa kwanza alianza na 4.6 na akafika 7.0. Ongezeko lake ni 2.4, ambalo limevuka 1.7, mpaka uliowekwa na watafiti, na huyo huhesabiwa kuwa laktesi yake ipo. Wa pili alianza na 4.8 akafika 5.3. Ongezeko lake la 0.5 liko chini ya 1.1, na huyo huhesabiwa kuwa laktesi yake imepungua. Walio kati ya 1.1 na 1.7 huwekwa kundi la katikati.

Hata hivyo kipimo hiki huweza kudanganya. Mtu aliyetoka kuugua kuhara huweza kuwa amepoteza laktesi kwa muda, kwa sababu ukuta wa utumbo wake umejeruhiwa, na hivyo akaonekana hana wakati kwa asili anayo. Aliyekula kabla ya kupimwa, au ambaye tumbo lake hupitisha chakula taratibu, naye huvuruga hesabu. Ndiyo maana watafiti hawakutosheka na damu ya kidoleni, bali walisoma pia vinasaba vya watu hao.

Herufi moja iliyobadilika

Vinasaba ni kama maandishi marefu yenye herufi nne tu: A, C, G na T. Jeni inayotoa maelekezo ya kutengeneza laktesi huitwa LCT, nayo iko katika kromosomu ya pili. Ajabu ni kwamba badiliko lililogunduliwa halimo ndani ya jeni hiyo, bali liko nje yake, umbali wa herufi 14,010 kabla ya mwanzo wake, ndani ya jeni jirani iitwayo MCM6.

Mahali hapo hufanya kazi ya swichi. Kwa watu walio wengi pana herufi G, na swichi hujizima utotoni. Kwa wenye badiliko, G imegeuka kuwa C, na swichi hubaki imewashwa. Wanasayansi waliiita C-14010. Walipoijaribu katika chembe hai za maabara, waliona kwamba herufi hiyo huongeza kweli utendaji wa jeni ya laktesi.

Badiliko hili si lile la Wazungu, ambalo liko mahali pengine katika swichi hiyo hiyo. Watafiti walikuta pia mabadiliko mengine mawili kwa jamii za Sudan na Kenya. Maana yake ni kwamba uwezo huu haukuletwa kutoka mahali pamoja. Ulizuka zaidi ya mara moja, na kila mara ulienea palipokuwa na mifugo.

Kwa upande wa Tanzania, C-14010 ilikuwa asilimia 39 ya nakala zote za sehemu hiyo kwa jamii za Kinailoti, na asilimia 46 kwa jamii za Kikushi. Kwa Wasandawe ilikuwa asilimia 13, na kwa Wahadzabe, ambao kwa jadi ni wawindaji, haikuonekana kabisa.

Asilimia hizo ni za nakala, si za watu. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, na nakala moja yenye C hutosha. Kama nakala 40 kati ya 100 zina C, uwezekano wa mtu kukosa kabisa ni 0.6 mara 0.6, yaani asilimia 36. Asilimia 64 waliobaki wana angalau nakala moja na wanaweza kunywa. Hesabu hiyo pia inaeleza kwa nini ndugu wa tumbo moja huweza kutofautiana.

Jinsi umri wa badiliko unavyojulikana

Kila kizazi, kromosomu za baba na mama huchanganyika kama karata. Badiliko jipya likizuka, huwa limezungukwa na maandishi ya kromosomu ile ile lilimozukia. Kadiri vizazi vinavyopita, maandishi hayo ya jirani hukatwakatwa na kubadilishwa. Kwa hiyo badiliko la kale huwa limezungukwa na kipande kifupi, na badiliko changa huwa na kipande kirefu.

Kwa kawaida jambo la kale ndilo lililoenea na jambo changa ndilo adimu. C-14010 imevunja kanuni hiyo: imeenea sana, na bado kipande kinachoizunguka kina urefu unaozidi herufi milioni mbili. Kitu kichanga kilichoenea kiasi hicho hakikuenea kwa bahati. Kilisukumwa, na msukumo huo ndio huitwa uteuzi asilia: waliokuwa nacho waliacha watoto wengi zaidi waliofikia utu uzima.

Watafiti walikadiria umri wa badiliko hilo kuwa kati ya miaka 2,700 na 6,800, ingawa makadirio ya aina hii yana nafasi kubwa ya kukosea. Mtu anaweza kuhakiki kwa hesabu ya kawaida. Tuchukulie nakala moja tu kati ya 1,000 ilikuwa na C, na kwamba kila kizazi C ilipata faida ya asilimia tano juu ya G. Ili kufikia nakala 40 kati ya 100 huhitajika vizazi 133 hivi. Kwa miaka 25 kila kizazi, hiyo ni takriban miaka 3,300.

Faida ya asilimia tano huonekana ndogo, na mtu mmoja asingeiona katika maisha yake. Katika mkondo wa vizazi, ni mojawapo ya misukumo mikubwa inayojulikana katika vinasaba vya binadamu.

Maziwa yalitangulia

Wengi hudhani kwamba watu walipata uwezo kwanza, kisha wakaanza kunywa. Ushahidi wa akiolojia unaonyesha kinyume chake.

Mwaka 2020 watafiti walitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuta yaliyonywea katika vyungu vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania, na wakakuta alama za maziwa za miaka ipatayo 5,000 iliyopita. Miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa ni Luxmanda, mkoani Manyara, ambako wafugaji waliishi takriban miaka 3,000 iliyopita.

Lakini vinasaba vya mifupa ya kale vilivyochapishwa mwaka 2019, kutoka kwa watu 41 wa Kenya na Tanzania, vilionyesha kuwa C-14010 ilikuwa adimu. Ilionekana kwa mtu mmoja tu, aliyezikwa katika pango la Gishimangeda, kaskazini mwa Tanzania, yapata miaka 2,000 iliyopita. Wafugaji wa mwanzo, basi, walitumia maziwa kwa muda mrefu huku wengi wao wakiwa hawana laktesi ya utu uzimani.

Waliwezaje? Jibu moja liko katika kibuyu. Maziwa yanapogandishwa, bakteria hula sehemu ya laktosi na kuigeuza kuwa asidi, ambayo ndiyo huleta ule ukali wa mtindi. Bakteria hao pia huja na kimeng'enya chao, kinachoendelea kuikata laktosi ndani ya tumbo la mlaji. Samli nayo hubaki karibu na mafuta matupu. Ufundi wa kugandisha na kusukasuka ulifanya kazi ya laktesi kabla vinasaba havijaifanya.

Linabaki swali la kwa nini basi uteuzi ulikuwa mkali. Wapo wanaosema faida ilikuwa ni chakula cha ziada, na wapo wanaosema ni maji, hasa nyakati za ukame. Utafiti wa mwaka 2022 kuhusu Ulaya uliongeza hoja nyingine: katika miaka ya kawaida asiye na laktesi hupata usumbufu tu, lakini wakati wa njaa au maradhi, kuharisha huweza kumuua mtu aliyekwisha dhoofika. Mazao yanapokauka na maziwa yakabaki chakula pekee, tofauti ya tumbo hugeuka kuwa tofauti ya uhai na kifo.

Mahali ambapo maelezo hayafiki

C-14010 haielezi kila kitu. Karibu nusu ya Wahadzabe waliopimwa walionekana kuwa na laktesi, ilhali hawana badiliko hilo na jadi yao si ya ufugaji. Yamkini kimeng'enya hicho, ambacho pia hukata kemikali fulani za mimea, kiliwafaa kwa chakula cha porini, au yapo mabadiliko mengine.

Kinyume chake pia hutokea. Mtu asiye na laktesi ambaye hunywa maziwa mara kwa mara huweza asisikie chochote, kwa kuwa bakteria wa utumbo wake mpana wamezoea kuishughulikia laktosi. Anayekunywa bila taabu si lazima awe na badiliko.

Kwa mkazi wa Kasulu au Kibondo ambaye tumbo lake hugoma, yapo mambo machache yanayotokana moja kwa moja na maelezo haya. Kuchemsha maziwa huua vijidudu, vikiwamo vya ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe ambao humwambukiza binadamu, na ni jambo la lazima, lakini hakupunguzi laktosi hata kidogo. Kugandisha ndiko hupunguza. Aidha, wasio na laktesi walio wengi huweza kunywa bilauri moja pamoja na chakula bila shida kubwa, wakati lita nzima kwa mara moja ingewaangusha.

Kwa watoto wachanga kanuni ni nyingine. Mtoto anyonyaye anayeharisha asiachishwe ziwa kwa dhana kwamba maziwa hayampatani. Laktesi yake ya asili ipo, na kama imepungua kwa sababu ya kuhara, hurejea utumbo unapopona. Anachohitaji ni kuendelea kunyonya, kupewa maji ya chumvi na sukari yatolewayo katika zahanati, na kupelekwa kwa mganga.

Ama watu wazima wawili wa kwenye mkeka, mmoja wao amerithi herufi C kutoka kwa mchungaji fulani aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita, na mwenzake amerithi herufi G, ambayo ni ya kale zaidi na ndiyo ya binadamu walio wengi. Huyu wa pili hana upungufu wowote wa kuuonea haya. Akiletewa mtindi badala ya maziwa fresh, wote wawili watakula na kuondoka salama.